Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vipande vya titani vinavyojengwa kwa leza na poda: umbo la ndani, mkazo uliosalia na matundu

Kwa nini majibu haya yanahusu aloi moja tu?

Kwa sababu kila metali hupokea leza kwa namna yake, na majibu yanayojaribu kuzikumbatia zote huishia kutosema jambo lolote la kushikika. Aloi inayozungumziwa hapa ni Ti-6Al-4V, yaani titani iliyochanganywa na takriban asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi. Ndiyo inayotumika zaidi katika viungo bandia vya mifupa na katika sehemu za ndege zinazojengwa kwa njia hii, na ndani yake umbo la ndani, mkazo na matundu huonekana waziwazi bila kufichwa na mambo mengine. Anayefanya kazi na chuma cha pua au alumini ataona mwendo wa mambo unafanana, lakini asizihamishe namba zilizo hapa chini kwenda kwenye metali yake.

Ni nini hasa hutokea leza inapopita juu ya poda?

Mashine husambaza tabaka jembamba la poda, kwa mfano la mikromita 30, juu ya bamba nene la metali lililo ndani ya chumba kilichojazwa gesi ya agoni. Leza yenye upana wa takriban mikromita 100 hupita juu ya tabaka hilo kwa kasi ya zaidi ya mita moja kwa sekunde. Mahali inapogusa, poda huyeyuka pamoja na sehemu ya metali ngumu iliyo chini yake, na hutokea dimbwi dogo la metali ya majimaji lisilofikia hata robo ya milimita kwa upana. Dimbwi hilo huishi kwa muda mfupi mno. Leza ikishasogea, joto hukimbilia chini kwenye metali iliyokwisha kuganda, na dimbwi huganda huku likipoa kwa kiwango kinachofikia nyuzi laki moja hadi milioni moja za Selsiasi kwa sekunde.

Msomaji akilishika hilo, sehemu kubwa ya yanayofuata atayaelewa bila taabu. Umbo la ndani la metali, mkazo unaobaki ndani yake na matundu yote huzaliwa katika dimbwi hilo hilo na kwa sababu ya kasi hiyo hiyo. Ndiyo maana kurekebisha kimoja bila kutazama viwili vilivyobaki mara nyingi huharibu kazi.

Nikikata kipande na kukitazama kwa hadubini, nitaona nini?

Kata kipande wima, yaani kwa kufuata mwelekeo kilivyokuwa kikijengwa kutoka chini kwenda juu. Kisugue hadi king'ae kama kioo, kisha kipake kemikali ya Kroll, ambayo ni maji yenye asidi ya nitriki na asidi kidogo ya haidrofloriki. (Asidi hii ya pili hupenya ngozi na kudhuru hadi mfupa, hivyo asiishike mtu ambaye hana jeli ya kalisi glukoneti karibu naye.)

Kwanza utaona nguzo ndefu zilizosimama wima, nyingine nyeusi kidogo na nyingine zenye kung'aa, kila moja ikiwa na upana wa takriban sehemu ya kumi ya milimita na urefu unaoweza kupita milimita moja. Hapo kuna jambo la kutafakari: tabaka moja lina unene wa mikromita 30 tu, ilhali nguzo moja imevuka makumi ya matabaka bila kukatika. Sababu ni kwamba dimbwi jipya halianzishi fuwele zake upya. Huyeyusha kichwa cha punje iliyo chini yake, na metali inapoganda, atomi hujipanga kwa kuufuata mpangilio ule ule zilioukuta. Punje hurithiwa kutoka tabaka hadi tabaka, na zile zilizoelekea upande ambao joto linatoka ndizo zinazowapita wenzake na kuwaziba njia.

Ongeza ukuzaji wa hadubini, na ndani ya kila nguzo utaona sindano nyembamba zilizopishana kama vijiti vya mkeka uliosukwa vibaya. Hiyo ni martensaiti. Nguzo zilijengeka wakati metali ilikuwa katika hali yake ya joto kali, ile iitwayo beta, ambayo ndiyo pekee iliyopo juu ya takriban nyuzi 995. Ikipoa polepole, beta huwa na muda wa kugawanyika: vanadi huhamia upande mmoja na alumini upande mwingine, na hupatikana mabamba ya alfa yenye beta kidogo katikati. Kwa kasi ya leza atomi hazipati nafasi ya kuhama, bali mpangilio mzima hugeuka ghafla na kuwa sindano, huku vanadi ikiwa imenaswa ndani yake.

Je, martensaiti hiyo ni kasoro?

Si kasoro, ila ni hali isiyofaa kuachwa ilivyo. Kipande kilichotoka mashineni bila kupashwa joto huwa na nguvu kubwa, na mvutano wa kukikata mara nyingi hupita megapaskali 1,100. Tatizo lake ni kwamba hunyooka kidogo sana kabla ya kukatika, na mara nyingi hakifikii asilimia 10 ambayo kiwango cha ASTM F2924 kinaidai. Ukikipasha kwenye nyuzi 800 kwa saa mbili na kukiacha kipoe taratibu, sindano huvunjika kuwa mabamba laini ya alfa na beta; nguvu hupungua kiasi, lakini uwezo wa kunyooka huongezeka.

Nguzo zenyewe hazitaondoka kwa njia hiyo. Ili kuzifuta ni lazima kuvuka nyuzi 995, na hapo punje za beta hukua haraka hata kipande kikatoka kikiwa na umbo baya kuliko lile la mwanzo. Kwa maoni yangu, katika kazi nyingi ni heri kuzikubali nguzo na kusanifu kipande kwa kujua kwamba nguvu zake za wima na za ulalo si sawa kabisa.

Kwa nini kipande kilichokuwa kimenyooka hupinda mara tu kinapokatwa kutoka kwenye bamba?

Fundi yeyote wa kuchomelea amewahi kuona bati likijikunja baada ya kuunga upande mmoja. Hapa ni jambo lile lile, ila linarudiwa maelfu ya mara. Kila mstari wa leza, baada ya kuganda, unataka kusinyaa kadiri unavyopoa. Metali ya chini yake imekwisha kupoa na haikubali kusinyaa pamoja nao. Matokeo yake ni kwamba tabaka la juu hubaki limevutwa, na lile la chini hubaki limegandamizwa. Tabaka linalofuata hufanya vivyo hivyo, hadi kipande kizima kinakuwa na mvuto mkubwa kwenye ngozi yake na sehemu ya juu, na mgandamizo katikati.

Mradi kipande kimeshikwa na bamba, nguvu hizi husawazishwa na hazionekani. Msumeno ukipita, sehemu ya juu hupata nafasi ya kusinyaa ilivyokuwa ikitaka tangu mwanzo, na ncha za kipande hunyanyuka. Watafiti huutumia mwendo huu huu kama kipimo: hujenga daraja dogo, hulikata upande mmoja, kisha hupima ncha imeinuka kiasi gani. Kipimo hicho hakitoi ramani ya mkazo, lakini ni cha bei nafuu na kinalinganisha vizuri mpangilio mmoja wa leza na mwingine.

Mkazo huo unaweza kufikia kiasi gani?

Makadirio ya awali yanaweza kufanywa hata kwenye kipande cha karatasi. Titani hii husinyaa kwa takriban sehemu 9 katika milioni kwa kila nyuzi moja inayopoa, na ugumu wake wa kunyumbuka ni kama megapaskali 110,000. Zidisha hizo mbili na utapata karibu megapaskali 1 kwa kila nyuzi, endapo metali imezuiwa kabisa isisinyae. Kwenye joto kali sana metali ni laini na haiwezi kubeba mkazo, kwa hiyo tuanze kuhesabu kutoka nyuzi 800 kushuka. Mpaka ifike joto la kawaida itakuwa imejilimbikizia karibu megapaskali 800.

Makadirio haya yanahusu mwelekeo mmoja tu, na yanachukulia kwamba kizuizi hakilegei hata kidogo, jambo ambalo halitokei. Hata hivyo, vipimo halisi karibu na uso wa vipande hutoa mamia ya megapaskali, kwa hiyo hesabu ya karatasi haikupotea njia. Maana yake ni kwamba kipande kinaweza kuwa kimekwisha kutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kabla hakijabebeshwa mzigo wowote.

Nitajuaje mapema kwamba mkazo unanishinda?

Dalili ya kwanza mara nyingi husikika kabla haijaonekana. Kingo za kipande huanza kunyanyuka juu ya poda, na kisu kinachosambaza poda hukwaruza kila kinapopita. Ukiisikia sauti hiyo ikijirudia mahali pamoja, angalia pembe kali na sehemu pana zilizo karibu na bamba, na mahali ambapo vishikizi vinakutana na kipande. Ufa huanzia huko. Kipande kikishang'oka kwenye vishikizi, kuendelea kujenga juu yake ni kupoteza poda, na hupoteza pia vipande jirani iwapo kisu kitaharibika.

Ni njia gani za kuupunguza?

Iliyo muhimu kuliko zote ni mpangilio wa kazi: pasha kipande joto kikiwa bado kwenye bamba, ndipo ukikate. Wapo wanaokata kwanza ili kuokoa nafasi ndani ya tanuri, halafu wanashangaa tundu la boliti limetoka mahali pake. Joto huulegeza mkazo kwa kuwa metali moto haiwezi kubeba mkazo mkubwa. Kipande kikiwa kimekatwa tayari, tanuri haliwezi kurudisha umbo lililokwisha kupotea. Kazi hiyo ifanyike katika ombwe au agoni safi, kwani titani yenye joto hufyonza oksijeni na kujitengenezea ngozi ngumu inayopasuka kwa urahisi.

Wakati wa kujenga, leza isichore mistari mirefu ya mwelekeo mmoja. Kwa kawaida mwelekeo wa mistari huzungushwa nyuzi 67 kila tabaka, pembe ambayo hufanya matabaka mengi yapite kabla mwelekeo ule ule haujarudi, au eneo hugawanywa kuwa miraba midogo inayochorwa kwa zamu. Hatua hizi husaidia, lakini haziondoi chanzo. Kinachogusa chanzo ni kupasha bamba. Kwenye aloi hii, majaribio ya kupasha hadi karibu nyuzi 570 yameonyesha mkazo ukikaribia kuisha kabisa, ila mashine nyingi za kawaida hufika nyuzi 200 tu, na kwa titani nyuzi 200 ni nafuu ndogo.

Matundu hutoka wapi, na yanatofautianaje?

Yapo ya namna tatu, na sura ya tundu hueleza lilikotoka.

Tundu dogo la mviringo, la mikromita chache hadi makumi machache, lililotapakaa bila mpangilio, mara nyingi ni gesi iliyokuja ndani ya poda yenyewe tangu ilipotengenezwa. Hili ndilo lisilo na madhara makubwa. Tundu la mviringo lililo kubwa zaidi, lililokaa kwenye kina cha dimbwi na pengine kwa mstari unaofuata njia ya leza, limetokana na nguvu iliyozidi. La tatu ni pengo lililo bapa, lenye kingo zilizochongoka, lililolala kati ya tabaka na tabaka, na ndani yake mara nyingi huonekana punje za poda ambazo hazijayeyuka, bado zikiwa na uduara wao. Hilo ni pengo la kutoshikana. Kati ya yote ndilo la kuogopwa, kwa sababu umbo lake ni la ufa uliokwisha kuanza, na mzigo unaovuta kwa wima hulifungua moja kwa moja.

Nawezaje kukadiria kama mipangilio yangu itaacha mapengo ya kutoshikana?

Kuna kanuni fupi inayotazama kama madimbwi yanapishana vya kutosha:

```
(h/W)^2 + (t/D)^2 <= 1
```

Humo `h` ni umbali kati ya mstari mmoja wa leza na mwingine, `W` ni upana wa dimbwi, `t` ni unene wa tabaka na `D` ni kina cha dimbwi. Tuchukue mfano wa leza ya wati 280 inayokwenda milimita 1,200 kwa sekunde, mistari ikiwa mbali kwa milimita 0.14, na tabaka la milimita 0.03. Tuseme tumechora mstari mmoja wa majaribio, tukaukata, na tukapima dimbwi lenye upana wa milimita 0.17 na kina cha milimita 0.10. Sehemu ya kwanza inatoa 0.68 na ya pili 0.09, jumla 0.77. Tuko salama.

Sasa kioo cha leza kichafuke kidogo, na dimbwi lipungue hadi upana wa milimita 0.135. Sehemu ya kwanza peke yake inapanda hadi 1.08, na tayari mapengo yameruhusiwa, ilhali kwenye skrini ya mashine hakuna namba hata moja iliyobadilika. Au dimbwi libaki lilivyo, lakini tone lililoruka kutoka mahali pengine litue juu ya tabaka na kufanya unene wa pale kuwa milimita 0.08: jumla inakuwa 1.32. Pengo litatokea hapo tu, na sehemu nyingine zote zitakuwa nzima. Mfano huu wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hakuna mpangilio mzuri wa leza unaouzuia peke yake.

Basi si niongeze nguvu ya leza ili nisiwe na mashaka?

Ongezeko dogo hukupa nafasi ya usalama. Likizidi, metali huanza kuchemka kwa nguvu chini ya leza, na mvuke unaotoka husukuma majimaji pembeni na kuchimba shimo jembamba lenye kina. Mwanga hugongana na kuta za shimo hilo na kufyonzwa zaidi, hivyo shimo huzidi kwenda chini. Picha za miali ya eksirei zilizopigwa kwa kasi kubwa katika maabara ya Argonne nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 2019 na 2020, zilionyesha shimo hilo waziwazi: ncha yake ya chini huyumba, hujibana, kisha hukatika na kuacha povu ambalo metali inayoganda hulifungia ndani.

Hapa ndipo kipimo kinachopendwa cha nishati kwa ujazo kinapowapotosha watu. Hupatikana kwa kugawa nguvu ya leza kwa kasi, umbali wa mistari na unene wa tabaka. Kwa mfano wetu ni karibu jouli 56 kwa kila milimita ya ujazo. Lakini wati 140 kwa kasi ya milimita 600 kwa sekunde hutoa jouli 56 zile zile, na dimbwi lake si hilo hata kidogo. Kitumie kulinganisha mipangilio inayokaribiana, usikitumie kuidhinisha mpangilio mpya. Chora mistari ya majaribio, ikate, upime dimbwi.

Kipande changu kimepimwa na kuonekana kimeshikana kwa asilimia 99.8. Je, si kinatosha?

Namba hiyo husema ni kiasi gani cha utupu kimo ndani, haisemi kimekaa wapi wala kina umbo gani. Vitundu elfu vya gesi vilivyotawanyika na pengo moja bapa lililo chini kidogo ya uso vinaweza kutoa asilimia ile ile. Kipande cha kwanza kitavumilia mizigo ya kurudiarudia kwa muda mrefu. Cha pili kitaanza kupasuka kwenye pengo lile. Kupima uzito ndani ya maji ni hatua nzuri ya kuchuja, basi.

Ukikata, kata wima. Pengo la kutoshikana limelala kama karatasi kati ya matabaka, na mkato wa ulalo unaweza kupita juu yake au chini yake bila kuligusa. Ukitumia picha za eksirei za pande tatu, ulizia ukubwa wa kijisanduku kimoja cha picha: tundu lisilojaza angalau vijisanduku vitatu kwa kila upande haliaminiki. Kipande kikubwa huhitaji vijisanduku vikubwa, kwa hiyo ripoti inayosema hakuna tundu lililoonekana haina maana mpaka iseme ni la ukubwa gani ambalo lingeonekana.

Je, kukandamiza kwa joto kutoka pande zote hakuyafungi matundu yote?

Kwa aloi hii kipande huwekwa ndani ya agoni yenye shinikizo la takriban megapaskali 100, kwenye nyuzi kama 920, kwa saa mbili au zaidi. Metali hulainika, kuta za tundu hukutana na kuungana. Mapengo yaliyofungwa kila upande hufungika vizuri sana, na martensaiti na mkazo uliosalia huondoka kwa pamoja. Kwa kipande kitakachobeba mizigo ya kurudiarudia, naona gharama hiyo ni ya haki.

Lakini pengo lililo wazi hadi kwenye uso halifungiki, maana gesi ya kukandamiza huingia ndani yake na kusukuma kutoka pande zote mbili. Vilevile agoni iliyonaswa ndani ya tundu haiyeyuki ndani ya titani: hubanwa hadi tundu lisionekane, na bado imo. Kipande hicho kikipashwa tena joto kali baadaye bila shinikizo, baadhi ya matundu hurudi. Kwa hiyo kazi yoyote ya joto kali iliyo muhimu ifanywe kabla ya kukandamiza au wakati huo huo, isiachwe baadaye.

Vipande vya majaribio niviweke wapi kwenye bamba?

Visiwekwe mahali pazuri pekee. Agoni hupulizwa kutoka upande mmoja wa chumba kwenda mwingine ili kuondoa moshi na matone yanayoruka, na matone mazito hutua upande ambao gesi inaelekea. Weka angalau kipande kimoja huko, na kingine kwenye pembe iliyo mbali zaidi na katikati, ambako leza hufika kwa mshazari na doa lake hurefuka. Vijengwe hadi kimo kile kile cha kipande halisi, kwa kuwa kasoro inayotokea kwenye tabaka la elfu mbili haitaonekana katika kipande cha majaribio kilichoishia kwenye tabaka la mia tano.